Sungura amemfundisha mwanangu uongo

Mwalimu, salamu kutoka Migosi, Kisumu. Nina watoto watatu. Kifungua mimba ni mvulana wa miaka 10, yuko Gredi ya 5. Wa kati ni msichana wa miaka 7, na kitinda mimba ni mvulana wa miaka 4, ndio kwanza ameanza PP1. Mimi nililelewa kwa hadithi na methali, nikaona nami niwalee hivyo. Sasa mambo yanaenda kombo.

Mdogo alikula mandazi ya dadake akasema ni paka. Usiku huo nikamsimulia yule mvulana mchungaji aliyezoea kupiga mayowe ya uongo kwamba chui amekuja, hadi chui akaja kweli na watu wasitoke. Alisikiliza vizuri sana. Kesho yake akamwaga uji, na kabla sijauliza akasema ni paka. Tena nikawasimulia jinsi Sungura alivyomlaghai Fisi akala nyama yake yote. Walicheka hadi machozi. Siku iliyofuata mdogo akamwambia dadake, "Babu yuko mlangoni!" Dada kutoka na kurudi, sahani tupu. Huyo wa kati nikimwambia samaki mkunje angali mbichi, ananiuliza ngege hukunjwa kwa nini na sisi humkaanga mzima. Mkubwa nikimwambia haraka haraka haina baraka, ananijibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na babake anacheka.

Mama mkwe yuko Butere. Desemba aliwasimulia habari za amanani wanaokula watu, na mdogo akawa halali ila kifuani pangu. Agosti tunarudi huko. Je, hadithi zipi na methali zipi zinafaa umri upi? Na mama mkwe nimwambieje bila kumkosea heshima?

Mama Watatu, Kisumu

*

Mama Watatu, pokea salamu kutoka Nakuru. Huyo mdogo wako amezisikiliza hadithi zako kwa makini kuliko unavyodhani. Alichobeba ni kile kilichokuwa ndani ya hadithi, ilhali wewe ulikuwa unangoja abebe ulichokibandika mwishoni. Mtoto wa miaka 4 haondoki na funzo. Anaondoka na tukio: nani alifanya nini, akapata nini. Sungura alidanganya akashiba. Basi naye akajaribu, akashiba.

Tuanze na uongo, maana naona ndio unaokukera zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio walilofanya na watoto 268 wa miaka 3 hadi 7. Mtoto alicheza mchezo wa kubahatisha kifaa cha kuchezea kwa kusikia sauti yake tu. Katikati ya mchezo mtu mzima alitoka kidogo, akamwonya asigeuke kutazama kilichowekwa nyuma yake. Wengi waligeuka, ni watoto. Mtu mzima aliporudi alimsomea hadithi moja, kisha akamuuliza: ulitazama? Waliosomewa hadithi ya mvulana na mbwa mwitu, ambayo ndiyo hiyo yako ya chui, hawakusema kweli zaidi ya waliosomewa hadithi isiyogusa uongo kabisa. Waliosomewa ya mwanasesere wa mbao ambaye pua hurefuka akidanganya, hali moja. Hadithi iliyosaidia ilikuwa ile ya mtoto wa Marekani aliyeukata mti wa babake, akaulizwa, akasema ni mimi, na babake akafurahi kwa sababu amesema kweli. Watafiti wakaigeuza hadithi hiyo hiyo, mtoto akadanganya na kupata hasara. Nguvu yake yote ikaisha.

Hebu itazame ile ya chui kwa macho ya mtoto. Mvulana anadanganya mara ya kwanza, watu wanakuja mbio. Anadanganya tena, wanakuja tena. Mwisho chui anakuja. Hakuna mahali popote katika hadithi nzima ambapo mtoto anamwona mtu amekosea, ameulizwa, amesema kweli, na maisha yakaendelea. Ameonyeshwa hofu, hajaonyeshwa njia. Na akiwa na hofu, jambo la kwanza analofanya ni kujificha nyuma ya paka. Ndiyo maana kesho yake uongo ulikuja kabla ya swali lako.

Jambo jingine usilichukulie kama balaa. Karibu na umri wa miaka 4 mtoto hugundua kwamba kilicho kichwani mwake si lazima kiwe kichwani mwako. Kabla ya hapo anadhani unajua kila anachojua. Uongo wa paka ni dalili kwamba akili hiyo imefunguka, na karibu kila mtoto mzima wa afya hupitia hapo. Kinachohitajika ni kumpa kitu cha kusema badala ya paka.

Kwa hiyo ile ya chui iweke kando, utaitumia atakapofika miaka 7 au 8, akiweza kufuata kwamba watu waliacha kumwamini mvulana kwa sababu ya yale aliyoyafanya siku zilizopita. Kwa sasa msimulie kitu kama hiki, na usikirefushe:

"Kulikuwa na mtoto aliyeitwa Baraka. Mamake alikuwa na mtungi wa maji karibu na mlango. Mama akasema, Baraka, mpira ni wa nje. Mama akaenda sokoni Kibuye. Baraka akapiga mpira ndani. Pu! Mtungi ukaanguka, maji yakaenda mwaaa hadi chini ya kitanda. Mama akarudi. Akauliza, Ni nani amemwaga maji? Moyo wa Baraka ukadunda, du, du, du. Akamtazama paka. Paka amelala. Akasema, Ni mimi, mama. Mama akasema, Asante kwa kuniambia kweli. Leta kitambaa. Wakapangusa wote wawili, wakaandaa ugali, wakala."

Hapo Baraka anapomtazama paka, nyamaza. Mwache mwanao aseme Baraka atajibu nini. Usiku wa kwanza huenda akasema, "Ni paka!" na wote mkacheka. Endelea tu na hadithi kama ilivyo. Isimulie kwa maneno yale yale siku kadhaa, kwa sababu mtoto wa umri huu hupenda kujua kinachokuja, na siku atakapokutangulia kusema "Ni mimi, mama," utajua imemwingia. Usimalizie kwa "kwa hivyo watoto wazuri husema kweli." Mama wa Baraka ameshayasema hayo kwa kitambaa.

Baada ya hapo kazi inakuwa yako kuliko ya hadithi. Siku mwanao atakaposema ni yeye aliyemwaga uji, akifinywa sikio, hadithi ya Baraka imekufa papo hapo na hutaifufua. Atapangusa uji, ndiyo, hiyo ni haki yake. Lakini asante itangulie. Na kama umemwona kwa macho yako akimwaga, usimuulize ni nani. Swali ambalo jibu lake unalo ni mtego, na mtoto akitegwa hudanganya. Sema tu, "Naona uji umemwagika, lete kitambaa."

Utaona nimemweka mtoto katika hadithi hiyo, sikumweka mnyama. Sikufanya hivyo kwa bahati. Mwaka 2017 watafiti wa Toronto waliwasomea watoto wa miaka 4 hadi 6 hadithi ya kugawana vitu. Wengine walisomewa yenye watu, wengine ile ile ikiwa na wanyama waliovaa nguo. Kisha watoto wakapewa stika na kuombwa wawagawie wenzao wasiokuwa nazo. Waliosomewa ya watu waligawa zaidi kuliko mwanzo. Waliosomewa ya wanyama hawakugawa zaidi. Mtoto mdogo haoni kwa nini mambo ya wanyama yamhusu yeye. Miongoni mwao, wale waliowaona wanyama hao kama watu hasa ndio waliogawa zaidi. Kuna jaribio jingine la Marekani, la mwaka 2008, ambapo watoto wa chekechea walitazama katuni ya mbwa wanaomwogopa mbwa mwenzao mwenye miguu 3, kisha wakajifunza kumpokea. Walipoulizwa hadithi imewafundisha nini, wengi walijibu mambo ya mbwa wa miguu 3. Habari ya mwenzao darasani anayetembea kwa magongo haikuwajia hata kidogo.

Sikuambii uwafukuze wanyama nyumbani. Hao ni watoto wa Kanada na Marekani waliosomewa au kuonyeshwa hadithi mara moja na mgeni, na wako wanasimuliwa na mama yao usiku baada ya usiku, kwa nyimbo na vicheko. Mnyama ana kazi yake: anafurahisha, anakuza lugha, anamfundisha mtoto kungoja zamu yake ya kuitikia. Ila ukiwa na jambo mahususi unalotaka mdogo alifanye kesho asubuhi, kama kugawana au kukiri, mpe mtoto mwenzake ndani ya hadithi, nyumba inayofanana na yenu, na kosa moja tu.

Sasa huyo Sungura. Ngano za Sungura na Fisi hazikutungwa kuwa darasa la uadilifu, na hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Zilikuwa faraja ya mnyonge: kadogo kanamshinda mkubwa mwenye meno. Mtu mzima anacheka akimkumbuka bosi wake. Mtoto wa miaka 4 hana bosi, ana dada mwenye sahani. Ndiyo maana kabla ya kusimulia ngano yoyote ya Sungura mimi hujiuliza jambo moja tu: ujanja huu unamwokoa au unamnyima mwenzake? Ziko ngano ambamo Simba amewamaliza wanyama mmoja mmoja, zamu ya Sungura inafika, naye anampeleka Simba kwenye kisima amwone "simba mwingine" majini, Simba anajitosa. Huo ni ujanja wa kuokoa roho. Na ziko zile ambamo Sungura na Fisi wamelima pamoja, au wamechinja pamoja, na Sungura anakwenda na vyote. Ya kisima unaweza kumsimulia wa miaka 6 bila wasiwasi. Ya nyama ingoje hadi miaka 7 au 8, wakati mtoto anaweza kushika mambo mawili kwa pamoja, kwamba Sungura ana akili na kwamba amemkosea rafiki.

Namna ya kujua kama mtoto amefika ni kuacha lile swali la shule, "hadithi hii inatufunza nini?" Wataimba jibu unalolitaka. Waulize, "Ungependa kuwa nani?" Mdogo atasema Sungura, tena haraka. Kisha uliza, "Nani alilala njaa?" Kama anasema "Fisi" na anaendelea kucheka, bado. Kama ananyamaza kidogo, au anasema "lakini Fisi alikuwa amempa nafasi," au hata anabishana kwamba Fisi alistahili, amefika. Kubishana ndiyo dalili nzuri kuliko zote. Kwa hali ilivyo, Sungura mlafi msimulie binti yako na kaka yake baada ya mdogo kulala, na umwombe binti aimalizie: Fisi kesho yake alifanya nini? Walipokutana njiani walisemezana nini? Huyo ndiye aliyekuta sahani tupu, atakuwa na mengi ya kusema.

Kuhusu samaki wa binti yako, nilicheka peke yangu. Mwambie yuko sawa, ngege haukunjwi. Lakini tatizo haliko kwa samaki. Methali hiyo haisemwi kwa mtoto, inasemwa kuhusu mtoto, baina ya wazazi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe ni ya mama na baba. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, vivyo hivyo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu nayo, ukimtupia mtoto, inakuwa kitisho kitupu, maana hawezi kujifunza chochote cha kufanya kutoka humo. Ukichunguza utakuta nusu ya methali tunazowatupia watoto ni mazungumzo yetu wakubwa wanayoyasikia kwa pembeni. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuchagua methali ni kuuliza: ni nani anayeambiwa hapa atende? Kama si mtoto, iache.

Ya pili ni kama mkono wake unaweza kuitenda. Mtoto wa miaka 6 au 7 bado anashika methali kwa upande wa kitu chenyewe, na maana ya mafumbo humjia polepole, nyingine hadi anapobalehe. Basi chagua zile ambazo kitu chenyewe kiko nyumbani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa umri huo. Ngoja mpira au sarafu ibingirike chini ya kitanda, na itabingirika tu. Anapopiga magoti na kunyoosha mkono, sema methali, mara moja, bila maelezo. Anapoinuka na mpira wake, basi. Kosa la wengi ni kuirukia siku hiyo hiyo: "Na hivyo hivyo lazima ufanye hesabu zako!" Mpira wote unageuka kuwa mahubiri, na siku nyingine akiangusha kitu atakwenda kumwita kaka yake.

Iache mvunguni kwa siku kadhaa, kila kitu kikianguka. Akishaizoea, ihamishe mbali kidogo tu, mahali ambapo bado kuna mwili unaofanya kazi. Anataka kufungua kopo la maziwa lililobana, analivuta mara moja na kuliacha. Anataka kujua kuendesha baiskeli ya kaka yake. Hapo useme nusu, "Mtaka cha mvunguni...", na umwachie amalizie. Ya mbali zaidi, kama hesabu za kugawanya au kuomba msamaha kwa rafiki, inakuja baadaye, pengine baada ya muhula mzima. Usimuulize maana yake. Muulize, "Lini tena tungeweza kusema hivyo?" Mtoto hujua kuitumia methali mahali pake muda mrefu kabla ya kuweza kuieleza, kwa hiyo ukingoja maelezo utadhani hajui kitu, na ukisikia anaisema mwenyewe siku kiatu cha mdogo wake kimeingia nyuma ya kabati, umeshinda. Akiisema mahali pasipofaa kabisa, usimsahihishe kwa kumcheka. Uliza tu, "Na nani ameinama hapo?"

Vivyo hivyo Haba na haba hujaza kibaba, kama una mkebe wa kuwekea sarafu za chenji, na kibaba chenu kiwe gorogoro la mahindi. Umoja ni nguvu ni neno tupu kwa mtoto wa miaka 7 hadi umpe kijiti kimoja avunje, kisha umfungie vijiti kumi pamoja ajaribu. Kwa mdogo wa miaka 4, methali usizifundishe kabisa kama methali. Azisikie tu zikipita, kama anavyosikia nyimbo.

Kwa binti huyo kuna ngano nyingine inayomfaa sana sasa, ya Kuku na Mwewe. Kuku aliazima sindano ya Mwewe, akaipoteza, na tangu siku hiyo anaparura chini akiitafuta huku Mwewe akichukua vifaranga kama malipo. Wengine husimulia wembe badala ya sindano. Mtu mzima ataishia kwenye kitu cha kuazima lazima kirudi. Mtoto wa miaka 7 karibu kila mara hutoa swali ambalo hatukulitarajia: vifaranga wamekosa nini? Usilizime. Umri huu ndio mtoto anapopima adhabu na kosa. Mtafiti Mswisi Jean Piaget, katika kazi yake ya mwaka 1932, aliwauliza watoto nani ana hatia zaidi, aliyevunja vikombe 15 bila kukusudia au aliyevunja kimoja akiiba jamu, na wadogo wengi wakamhukumu wa vikombe 15. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba hata mdogo huijali nia ukimweleza wazi nani alikusudia nini. Kwa hiyo katika ngano ya kuku sema waziwazi: Kuku alitafuta siku nzima, hakuficha. Kisha muulize: Mwewe angefanya nini badala ya kuchukua vifaranga? Mwache yeye awe hakimu, na uandae masikio, maana hukumu zitakuwa kali.

Mkubwa wako hana ugonjwa wowote. Anayejibu haraka haraka kwa ngoja ngoja amegundua kwamba methali hupingana, na kwamba hakuna methali inayotoa uamuzi, ila zinampa mtu pande mbili za kufikiria. Baba ana sababu ya kucheka, ila asiishie kwenye kicheko. Mpeni mambo ya kuamua. Fomu ya safari ya darasa inarudishwa Ijumaa na yeye anaisahau kwenye begi tangu Jumatatu: methali ipi? Mtihani wa hisabati una saa nzima na amemaliza kwa dakika 20: ipi? Rafiki anataka wabadilishane viatu vya mpira leo hii kabla kengele haijalia, na viatu vya rafiki vina kasoro chini: ipi? La mwisho litawagawanya yeye na babake, na hapo ndipo utamu ulipo. Sharti liwe moja tu: kila anayetoa methali aseme ni kitu gani katika jambo hili hili kinachomfanya achague hiyo.

Umri wa miaka 10 ndio pia wa Kima na Papa, ngano ya pwani ambayo masimulizi yake ya Unguja yalipigwa chapa tangu mwaka 1870. Papa na Kima ni marafiki, Papa anamwalika Kima kwao, anambeba mgongoni, na baharini anamwambia ukweli: mfalme wao ni mgonjwa na dawa ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba moyo ameuacha mtini, warudi akauchukue. Anapofika mtini harudi tena. Muulize mkubwa: Kima alidanganya? Alikosea? Na Papa aliyemwambia ukweli katikati ya bahari, tumsifu kwa ukweli wake? Hayo mazungumzo yanaweza kuwachukua hadi chai ipoe. Lakini mdogo asiwepo. Yeye ndio kwanza anajifunza kusema "ni mimi," na umemletea shujaa anayeokolewa na uongo. Atakapofika umri wa kaka yake, ataipata.

Sasa Butere. Mama mkwe wako hajafanya kosa. Amewasimulia kama alivyosimuliwa. Zamani watoto wa rika zote walikaa pamoja, na wale wadogo walisinzia mapajani kabla linani, mmoja wa hao amanani, halijatokea. Wako walikuwa macho kwa sababu ni wageni na nyumba ilikuwa imechangamka. Kwa mtoto wa miaka 4 mstari kati ya cha kusimuliwa na cha kweli ni mwembamba, na giza la kijijini, mbali na taa za Migosi, linaufuta kabisa. Akichezea amanani mchana, akinguruma na kumkimbiza dada yake, hiyo ni hofu anayoimudu, muache. Akikataa kwenda chooni peke yake mahali alipokuwa akienda, akilowesha kitanda alichokwisha kuacha kulowesha, au akiuliza kila usiku kama mlango umefungwa, imemzidi.

Usimwambie kukhu, bibi yao, asisimulie. Mwambie mapema, kabla ya siku ya kwanza kwisha, mkiwa wawili jikoni mkichambua mboga, na iwe ombi la kutaka kitu badala ya kukataza: "Mama, watoto tangu Desemba wanazungumza hadithi zako. Huyu mdogo bado anaogopa usiku. Ungempa yake, fupi, yenye wimbo, kisha nimlaze, halafu hawa wakubwa uwamalizie za amanani?" Wazee wengi wa huko hawapendi kusimulia mchana, husema mtoto hatakua, kwa hiyo usimshauri ahamishie hadithi saa za jua. Mpangilio wa mdogo kwanza, wakubwa baadaye, hautagusa mila yake yoyote.

Na kama mdogo atapenya akasikia, jambo la kumwomba kukhu ni kwamba linani life kabisa kabla ya kulala, na watu waliomezwa watoke wazima. Karibu kila msimulizi wa kule anao mwisho wa namna hiyo, tumbo linapasuliwa na kijiji kizima kinatoka kikiimba. Mwisho huo usikatwe kwa sababu usiku umeenda. Hadithi ikibidi kukatizwa, ikatizweni mapema, kabla linani halijaingia.